Riba Yangu, Gawio Lake

Nilimburuta mdogo wangu hadi ofisi ya chama chetu cha akiba na mikopo, nikiwa na hakika kwamba ana mshahara wa pili. Tuliajiriwa siku moja, mafundi mitambo wa daraja moja, miaka ishirini sasa. Yeye amejenga, mimi nina sofa la mkopo.

"Mama, mwulize anakopata hizo pesa," nilimwambia karani.

Mdogo wangu akaweka hati yake ya mshahara kando ya yangu. Mishahara ililingana hadi senti. Lakini yeye alikatwa akiba nono, na aliiongeza kila tulipopandishiwa mshahara. Mimi nilikatwa akiba ya chini kabisa inayoruhusiwa, na marejesho ya mkopo wa nane. Kila mmoja niliufuta kwa kukopa mwingine mkubwa zaidi.

"Na hilo gawio analolipwa na chama kila mwaka linatoka wapi?" niling'aka.

"Kwenye riba za wakopaji," alisema karani. "Na hapa hakuna anayekufikia."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. "Asante, kaka."

Nikavuta kiti. "Mama, nipe fomu ya kuongeza akiba. Na huyu mpe ya mkopo. Zamu yake imefika."