Kona ya Kreni ya Njano

Ijumaa saa nne asubuhi niliinua macho nikakuta kreni ya njano haina mkono.

Gari kubwa la kunyanyulia lilikuwa limeziba barabara, limening'iniza kipande cha mkono ule kwa minyororo, linakishusha taratibu. Kreni hiyo ilisimama miaka mitatu juu ya ghorofa ambalo halikuisha. Upande wetu wa Tirana watu walielekezana kwayo. Daktari wa meno yuko wapi? Ukifika kwenye kreni, kulia. Na mimi, Brikena, msichana mwenye akili zake, Jumatatu nilikuwa nimeiweka kwenye picha ya nne.

Picha zenyewe zilikuwa saba, posti moja ya Instagramu ya kuburuza kwa kidole. Ya kwanza: shangazi yangu Nurije mbele ya duka lake la byrek, pai ya tabaka nyembamba za unga yenye jibini au spinachi, na maandishi makubwa, TUNAHAMA. Ya pili mpaka ya tano zilikuwa za njia, kila moja na kitu cha kuangalia na mshale. Ya sita: Jumamosi, saa moja asubuhi. Ya saba niliiandika kwa maneno ya shangazi mwenyewe: "Tanuri jipya bado halitujui. Njooni mle, kisha mlalamike. Kila mwenye lalamiko atapewa glasi ya dhallë." Dhallë ni maziwa mgando yaliyochapwa na maji na chumvi, na bila hayo byrek haishuki.

Posti ilisambazwa mara mia tatu na kumi na mbili. Nilikuwa nimeanza kujisikia.

Kilichotutia wasiwasi ni kwamba mwenye nyumba alitutoa ili amweke mkwe wake, Gerti. Na Gerti naye anafungua Jumamosi hiyo hiyo, kwenye mlango wetu wa zamani, akiuza nini? Byrek. Mteja wetu akipotea njia, miguu yake itamrudisha palepale ilipozoea, na akishaingia kwa Gerti mara moja, ndiyo basi.

Nilimfuata mkuu wa mafundi, baba mmoja wa milimani aitwaye Ndue.

"Mjomba, hamuwezi kuiacha mpaka kesho mchana?"

Alinitazama kuanzia viatuni. "Miaka mitatu watu wa mtaa huu wananitukana niiondoe. Leo nimekuja kuiondoa, unanibembeleza ibaki. Wewe ni mzima?"

"Ni dira ya wateja wetu."

"Kibali cha kufunga barabara ni cha leo tu, binti. Kawaambie wateja wanunue dira."

Nilikimbia dukani. Shangazi alikuwa anasukuma unga uliokandwa uwe mwembamba juu ya meza mpya, mpaka unaona mbao kwa chini.

"Badilisha picha," alisema, hata hakugeuka.

"Haibadilishwi. Ukishaposti, picha moja unaweza kuifuta, lakini kuweka nyingine pale haiwezekani. Nikifuta ya nne, njia inaruka. Nikifuta yote na kuposti upya, waliosambaza wanabaki na kitu kisichofunguka."

"Kwa hiyo unaweza nini?"

"Maneno ya chini naweza kuyarekebisha."

"Selman anasoma maneno ya chini?"

Mzee Selman hana hata simu ya kufungua Instagramu. Mjukuu wake alimchapishia picha zote saba kwenye karatasi, kwa rangi, na mzee akawagawia wenzake wa meza ya domino. Pamoja naye, watu kumi na mmoja. Miaka kumi na tisa wanakula kwa shangazi kila asubuhi, na anapokaa Selman ndipo wanapokaa wote.

"Basi kawapigie," alisema shangazi.

"Shangazi, Selman anazima simu akiwa nyumbani. Anasema betri inaisha bure. Na wenzake hawamsikilizi mwingine ila yeye."

Nilirekebisha maneno: kreni imeondolewa, ukifika duka la dawa nenda mtaa wa tatu kushoto. Nikaweka na picha mpya, ya ile aina inayojifuta baada ya saa ishirini na nne. Vijana wakacheka, wakaweka alama za moyo. Vijana hawakuwa shida.

Jumamosi saa moja kamili trei mbili zilitoka, ya spinachi na ya jibini. Saa moja na robo walikuwa wamekuja wanafunzi wanne tu. Shangazi alifuta meza iliyokuwa safi. Saa moja na nusu akaifuta tena.

"Nenda," alisema.

Kwenye duka la dawa niliwakuta. Wazee kumi na mmoja, kila mmoja na karatasi ameinyanyua juu, wanailinganisha na anga tupu.

"Ilikuwa juu ya shule," alisema mmoja.

"Shule gani wewe? Mimi naiona kila siku nikinywa kahawa, iko nyuma ya tangi la maji."

"Kwako wewe. Kwangu iko juu ya msikiti."

Wote walisema kweli. Kila mtu alikuwa ameiangalia miaka mitatu kutoka kwenye baraza lake, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda chini yake. Mimi ndiye niliyempa mtu mzima kitu cha angani kama alama ya kona.

Na pembeni alisimama kijana wa Gerti, aproni mpya, anatabasamu. "Wazee wangu, mnajitesa nini? Turudi, byrek ya moto iko mlango uleule." Watatu walikwisha kukunja karatasi zao. Nikawaona wanaondoka naye.

"Mzee Selman," nilisema, "nifuate mimi, ni dakika tano."

"Sifuati mtu." Alikuwa amekasirika, uso mwekundu. "Mimi nimezaliwa hapa. Nitembezwe kama mbuzi na binti wa juzi? Ulinipa njia. Njia yako ni ya uongo."

"Ni ya uongo, kweli. Nisamehe."

"Nakupa dakika mbili, la sivyo tunarudi mlango wa zamani."

Nilimnyang'anya karatasi, nikafunua picha ya tano. "Tazama hii. Ukuta wa mawe, mtini umeota katikati ya ukuta. Duka linatazamana nao."

Akaivuta karibu na pua. "Huu mtini," alisema polepole, "si wa kwa marehemu Fatime, mshona magodoro?"

"Mimi sijui ni kwa nani."

"Hujui. Ndiyo maana." Akageukia wenzake. "Jamani, huyu anatuzungusha na makreni, kumbe ni kwa Fatime."

"Kwa Fatime?" alisema yule wa tangi la maji. "Hapo mimi nilipata mke."

"Ulimpata, akakukimbia. Twende."

Akatangulia. Hakupita hata mtaa wa tatu; alipenya uchochoro ambao mimi sikuwahi kuuona, saba nyuma yake, mimi wa nane. Kijana wa Gerti na wale watatu walikuwa wamefika mbali. Mmoja wao aligeuka akatazama, akaendelea na safari yake.

Shangazi alikuwa mlangoni, kisu mkononi. Aliwahesabu kwa macho, akajua waliopungua, akaingia ndani kukata byrek bila kuwauliza.

Selman hakukaa. Aliwasha simu yake akiwa bado amesimama, akampigia mmoja wa wale watatu. "Uko wapi? Kwa nani? Acha hapo. Njoo kwa marehemu Fatime, penye mtini. Eeh, ndipo penyewe. Hapana, kreni sahau."

Nilitoa simu yangu, nikafungua posti, nikafuta picha ya nne. Halafu nikasimama karibu naye, nikaandika kwenye maneno ya chini kama alivyosema yeye: kwa marehemu Fatime, penye mtini.