Wimbo Uliosikika Alhamisi

Meneja aliingia ofisini kifua mbele, karatasi mkononi. Wimbo mpya ulitoka saa sita kamili usiku wa kuamkia Ijumaa, lakini ripoti ilionyesha watu elfu nne waliusikiliza Alhamisi.

"Kuna mtu kauvujisha!" alifoka. "Leo mtu anapoteza kazi!"

Dada wa takwimu alimtazama kama anayetazama bomba bovu. Amweleze mara ngapi? Akarudia: wasikilizaji wako katika nchi nyingi, kwa hiyo ripoti hukata siku ya kila nchi kwa saa ileile ya kimataifa. Kila nchi ikikata kwa usiku wake, jumla hazilinganishiki. Hapa kwao siku ya ripoti huanza saa tisa usiku. Aliyesikiliza kabla ya hapo huhesabiwa Alhamisi.

"Usinizungushe! Nataka jina la aliyesikiliza wa kwanza."

"Sawa, bosi." Alibofya mara mbili, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Saa sita na dakika moja: Ijumaa ya hapa, Alhamisi ya ripoti. Kwenye akaunti kulikuwa na picha ya bwana mmoja mwenye tai nyekundu.

Meneja aliishika tai yake.

"Hiyo barua ya kufukuzwa," dada akauliza kwa upole, "niiandike tarehe ya Alhamisi au ya Ijumaa?"