Neno Moja, Watu Tisa

Afisa utumishi alikuwa akifupisha fomu ishirini na mbili za tathmini ya kazi ziwe ukurasa mmoja wa mkuu wa idara. Tisa zilitaja upungufu wa "mawasiliano".

"Basi wote semina moja, dada," alisema mkuu.

Mafunzo yalitolewa mara moja tu kwa mwaka, hivyo afisa alitaka kujua kwanza kila mmoja anahitaji nini. Akasoma mifano iliyoandikwa chini ya alama. Watano walichelewa kujibu wateja. Watatu hawakujua kuandika ripoti. Wa tisa, karani wa masjala, alikuwa anaongea mpaka wageni wanasahau shida zao.

"Huyu naye tumfundishe kujieleza?"

Mkuu alikuna kichwa. "Andika mahitaji matatu. Hilo la karani, nitaongea naye mwenyewe."

"Akikupa nafasi, bosi."