Muda Mfu

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu aliposikia kwamba chuoni watu wanapewa maksi kwa kuandika habari za bekari ambayo haipo.

"Haina unga, haina moshi, haina hata panya?" akauliza. "Basi hiyo ndiyo bekari ya kufanyia kazi. Na mimi niandike huko, Profesa. Niweke zamu ya mchana, nilale usiku kama watu."

Profesa lilikuwa jina la utani la mtoto wa kaka yake, binti aliyekuwa akimalizia masomo ya biashara. Tangu wazazi wake wafariki, binti huyo alikula, akavaa na kusoma kwa jasho la shangazi, na jasho lenyewe lilimwagika usiku katika bekari iliyo nyuma ya stendi ya mabasi, kwenye meza ya kukandia mikate. Kazi ile ikikatika, hapakuwa na mtu mwingine wa kuwashika. Wote wawili walilijua hilo, ndiyo maana hawakulizungumza.

Katika mpango wake wa biashara, Profesa alikuwa amebakiza sehemu ya uendeshaji. Mwalimu wa ujasiriamali hakutaka maneno matamu pale. Alitaka kujua unga unaingilia mlango upi na mkate unatokea upi, tanuri linakaa wapi, hatua gani inafuata ipi, nani anaifanya na inachukua muda gani. Profesa hakuwahi kukanda hata donge moja maishani mwake. Akafanya ambalo mwanafunzi yeyote mwenye akili angelifanya: akamkalisha shangazi jikoni, akaanza kumhoji.

Shangazi hakubakiza kitu. Akaeleza jinsi unga, hamira, chumvi na maji vinavyopimwa, unavyokandwa mpaka uvutike bila kukatika, unavyofunikwa uumuke. Kisha unakatwa madonge, yanapimwa, yanaundwa, yanaachwa kwenye trei yaumuke tena, ndipo yanaingia kwenye tanuri. Na mkate ukitoka, usiufunge ukiwa wa moto, utatoa jasho ndani ya mfuko na kuota ukungu.

"Na pale unga unapoumuka, nyinyi mnafanya nini?"

Shangazi akashusha sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. "Hapo ndipo tunapopumua, mwanangu. Tunafunga mlango, tunakaa kwenye magunia sote wanne, miguu juu. Haya magoti unayoyaona yasingefika leo bila yale magunia. Ila Mzee mwenye bekari hajui. Akijua, atatutoa roho."

Profesa akaandika. Na tuseme haki yake, aliandika vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ilipokaa kwenye karatasi, ile saa ya magunia ilionekana kama pengo la jino. Mwalimu aliwafundisha kwamba bekari haiwezi kutoa mikate mingi kuliko inayoingia kwenye tanuri lake. Ukiongeza mikono na tanuri ni lile lile, umeongeza watu wa kungoja tu. Basi akapanga upya. Mkupuo wa kwanza wa unga ukiwa unaumuka, wa pili unakandwa. Wa kwanza ukiingia kwenye tanuri, wa pili unakatwa. Akaweka mashine ya kukandia. Watu wanne wakawa wawili, na tanuri halikukaa tupu hata kidogo. Ule wakati wa kukaa kwenye magunia akaupa jina alilolipata darasani: muda mfu.

Je, alimfikiria shangazi yake alipokuwa akifuta wale wawili? Wala. Bekari yenyewe ilikuwa ya kufikirika, na watu wake wa kufikirika, na watu wa kufikirika hawana magoti.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu alialika wafanyabiashara wa mjini wakae mezani pamoja naye na kutoa maksi. Profesa akasimama mbele yao, akabandika mchoro wa chumba na jedwali la mikupuo, akaeleza bila kutetereka. Mzee mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akinakili muda wote. Profesa alipomaliza, mzee akainua kidole.

"Binti, rudi kwenye hicho unachokiita muda mfu. Umejuaje kwamba wafanyakazi wanakaa bure wakati huo?"

"Nimefanya utafiti, mzee. Nimehoji mfanyakazi mwenye uzoefu wa miaka mingi."

"Safi sana," mzee akasema. Akainama, akaopoa mfuko chini ya kiti, akaanza kuwagawia wenzake mikate aliyokuja nayo. "Karibuni, mikate hii ni ya bekari yangu mwenyewe."

Ulikuwa mfuko wa karatasi wenye jogoo mwekundu. Mifuko ya jogoo mwekundu ilijaa nyumbani kwao. Shangazi alileta humo mikate iliyovunjika, na Profesa alifunika madaftari yake kwa karatasi zake. Kumbe huyu ndiye Mzee mwenye bekari.

"Kwa hiyo," mzee akaendelea, huku akipangusa makombo, "ungekuwa wewe una bekari yenye wakandaji wanne leo, wawili ungewaacha waende?"

Hapo nafasi ilikuwepo. Angeweza kusema kwamba mtu si mashine, kwamba mkandaji asiyepumzika usiku kucha ataunguza mikono kwenye trei. Lilikuwa jibu la kweli, na wala mwalimu asingelikataa. Lakini lingebomoa jedwali lake lote, na mwalimu alikuwa ameshika kalamu, anamtazama.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Kwa hesabu za tanuri, wawili wanatosha."

Alipata maksi za juu kuliko darasa zima. Mzee akaomba nakala, na mwalimu akampa kwa furaha.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja shangazi alirudi mapema kuliko kawaida yake, akasimama mlangoni na kapu lake.

"Leo nimemwagiwa unga, Profesa."

Profesa akacheka, maana shangazi alirudi mweupe kila siku, akakimbilia beseni la maji. Alipogeuka aliona nguo za shangazi ni safi kabisa. Hakuwa amevaa hata aproni ya kazi. Akaliweka beseni chini.

"Kazi imekwisha, mwanangu. Mimi na yule mama mwenzangu. Mzee ameleta mashine." Akakaa, akavua viatu taratibu. "Ametusomea karatasi. Eti tulikuwa kwenye muda mfu. Wewe msomi, hicho ni nini?"

"Ni... wakati ambao mtu yupo kazini, lakini hakuna anachozalisha."

Shangazi akafikiri. Kisha akapiga paja. "Magunia! Kumbe ndiyo hayo. Lakini nani amemwambia? Mlango tulikuwa tunaufunga!" Uso wake ukakunjamana. "Ni yule mwenzetu Mrefu. Hakuna mwingine. Ndiyo maana yeye amebakizwa. Yule kijana nilimfundisha kukanda kwa mikono yangu hii, akaniuza. Nikikutana naye njiani sitampa hata salamu."

Kwa aibu na woga, Profesa akalisogeza beseni karibu na miguu ya shangazi.

Shangazi akawa anasugua magoti. Mwishowe akajilazimisha kutabasamu, kama kawaida yake mambo yanapomwelemea.

"Haya, lete ile kazi yako yenye maksi nyingi. Bado sijaiona. Nisomee pale pa wafanyakazi. Kwenye bekari yako, mimi umeniweka zamu gani?"

Profesa akalileta faili, akalifungua ukurasa wa wafanyakazi. Shangazi hakujua kusoma sana, lakini aliinama karibu, akafuata mistari kwa kidole.

"Zamu ya mchana, shangazi," Profesa akasema.

"Angalau huko," shangazi akasema, na kidole chake kikaendelea kutafuta jina lake.