Barua ya Kiarabu ya Dawa za Farhiya

Watu wa Garsen wakiona karatasi ya Kiarabu huniletea mimi. Iwe talaka, iwe mkataba wa kazi, iwe maelezo ya majani ya chai, "Mwalimu Tahir, tusomee." Nami nasoma. Nilikuwa nikijiona, sifichi.

Dahabo, muuza maziwa ya ngamia pale steji, alikuja chuoni, ninapofundisha watoto Kurani, baada ya alasiri akiwa na simu mkononi. Bintiye Farhiya yuko Jeddah, huu mwezi wake wa nne, kazi za nyumbani. Alihitimu Kurani kwangu. Herufi anazisoma vizuri, lakini maana ya maneno haijui.

"Mwalimu, dawa yake imebaki siku sita," akasema. "Duka la dawa liko karibu na nyumba ya tajiri wake. Akienda kununua maziwa ya mtoto anaweza kupita. Lakini hajui kueleza. Wewe andika."

Akanionyesha picha ya cheti cha daktari wa huku kwetu. Mwandiko ule, subhanallah, kuku wangu anaandika vizuri zaidi. Tukaenda kwa Caleb, mwenye duka la dawa, Mpokomo wa Golbanti asiye na maneno mengi. Akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Phenobarbitone. Miligramu thelathini, vidonge viwili kila jioni," akasema. "Mwalimu, usitaje jina la pakiti, kule halijulikani. Andika jina la dawa yenyewe, nguvu yake, anameza mara ngapi, ana miaka mingapi, kama ana mimba, kama anatumia dawa nyingine. Halafu ugonjwa. Ugonjwa ndio muhimu. Na dawa hii haiachwi ghafla."

Nikaandika yote. Nilipofika kwenye ugonjwa, Dahabo akanishika mkono wa kanzu.

"Kifafa usiandike."

"Mama Farhiya, Caleb amesema..."

"Caleb ana binti? Kwa ajenti aliyempeleka tulisema mzima. Tajiri akiona hiyo barua atamrudisha kesho. Na hapa nani atamuoa? Weka dawa ya usingizi. Si inaleta usingizi?"

Inaleta, kweli. Hapo ndipo nilipojidanganya. Nikaandika kwamba binti huyu hapati usingizi, na je, kuna dawa ya huko inayolingana na hii? Salamu zangu zilijaa mistari minne. Kiarabu safi, hakuna kosa hata moja. Dahabo akaipiga picha akamtumia Farhiya aionyeshe dukani, na mimi nikaenda kuswali magharibi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Siku ya tatu jibu likaja kwa picha, limeandikwa nyuma ya risiti. Mfamasia alijibu kwa adabu. Dawa hiyo, alisema, huko inadhibitiwa na haitoki bila cheti cha daktari wa nchi ile. Kwa kukosa usingizi si lazima. Amempa vidonge vyepesi, vya wale wenye mafua. Chini kabisa aliongeza: "Kama anaimeza kwa ajili ya kifafa, niambieni. Hilo ni jambo jingine kabisa, ataonwa na daktari siku hiyohiyo. Na hivi vidonge vyangu asivimeze."

Nikamsomea Dahabo neno kwa neno. Gari la Hola likapiga honi, akainua madumu yake.

"Amepewa dawa, sivyo?" akaniuliza.

"Si hiyo. Anauliza swali, Dahabo."

"Ngoja kwanza. Ijumaa ndiyo anaruhusiwa kupiga simu, nitamuuliza mwenyewe."

Nikangoja. Mimi, mwenye kalamu, mwenye namba ya Farhiya kwenye simu yangu, nikangoja. Jumatano nikachoka, nikaandika bila kumuuliza mtu. Sikuweka salamu. Mstari mmoja: ni kifafa, tangu ana miaka tisa, dawa zinaisha leo, tafadhali. Nikamtumia Farhiya ampelekee mfamasia. Ikaweka alama moja ya kijivu, haijamfikia. Ijumaa haikubadilika, wala Farhiya hakupiga simu. Jumamosi hivyohivyo.

Jumatatu Dahabo alikuja na picha nyingine, imetumwa na ajenti. Hakulia. Msiba alikuwa ameshaambiwa kwa simu. Maiti itazikwa hukohuko. Alichotaka ni kusomewa karatasi ya kifo. Alikaa juu ya mkeka wa watoto, buibui limejaa vumbi la steji, akaweka simu mbele yangu.

Nikasoma jina. Nikasoma umri, miaka ishirini na miwili. Nikasoma tarehe, Jumapili. Nilikuwa nasoma kama ninavyosoma maelezo ya majani ya chai, sauti ileile, na ndani sikusikia kitu. Hata sasa sisikii.

"Sababu wameandika nini, Mwalimu?"

Lilikuwa neno moja tu. Wenzetu wa kule hawakulionea haya.

"Kifafa," nikasema.

Dahabo akatikisa kichwa polepole. "Wameandika," akasema. Kisha akachukua simu yake, akaifuta kioo kwa ncha ya buibui, akaniuliza kama ile barua yangu ya kwanza ninayo bado. Nikamwambia ninayo.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea, pamoja na mistari yote minne ya salamu.