Sarafu Iliyoegama

Bi Spana alikaa juu ya rimu kuukuu mlangoni mwa karakana yake ya matairi, sketi ameikusanya magotini, simu ameisogeza mbali na macho kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Mkwe wake alikuwa amemtumia picha. Tairi la nyuma la gari lake, na sarafu imesimama ndani ya mfereji, katikati ya meno, ili mama mkwe aone kina kilichobaki.

Picha yenyewe haikuwa ya mzaha. Binti yake, tumbo limemfika puani, alikuwa ashuke mlima siku hiyo hiyo aje kujifungulia kwa mama. Mvua ilikuwa haijakata tangu alfajiri. Gari nalo mkwe alilinunua kwa mtu aliyeapa mno, na mwenye kuapa sana ana jambo.

"Haya, mganga, piga ramli," alisema Pampu, fundi mwenzake, huku akipangusa mikono kwenye suruali iliyo chafu kuliko mikono.

"Ramli kapigiwe wewe na ndevu zako za mbuzi. Hii ni hesabu."

Akatoa sarafu kama ile ya pichani, akaipima kwa rula: milimita ishirini na nne. Akaikuza picha mpaka sarafu ya kwenye kioo ikalingana upana na ile ya mkononi. Kisha akapima kimo cha sehemu iliyoonekana juu ya meno. Kumi na tisa.

"Mfereji umemeza tano. Tairi jipya huja na nane, na likibaki na chini ya mbili ni la kupandia maua. Hili limekula nusu ya maisha, nusu lingali nayo. Mwanangu anakuja!"

Akaandika: *Njooni.* Binti akajibu kwamba mizigo inapakiwa. Bi Spana akaona akilini chumba alichokifagia mara mbili, na shuka zilizonyooshwa mpaka zikaomba radhi.

Kwa kutaka kumringia Pampu, alilivuta tairi kuukuu lililoegemezwa ukutani, ambalo alijua lina tano kamili maana alikuwa amelipima kwa kipimo chenyewe. Akaisimamisha sarafu mferejini, wima.

"Ona, ni vilevile kama..." Akaitazama tena picha.

Haikuwa vilevile. Hapa sarafu ilikuwa imezama kama kiboko, na pale ilipokutana na meno ilikuwa pana, karibu upana wake wote. Ya pichani, pale pale, ilikuwa nyembamba, imezidi nusu ya upana wake kidogo tu. Imechovya ukucha kama bibi arusi anayeogopa maji baridi.

"Imelala," alisema taratibu. "Mwanaharamu huyu amelala! Sarafu ikilala nyuma, kimo kinapungua machoni, nawe unadhani imemezwa. Lakini upana wake mdomoni mwa mfereji haudanganyi: duara likizama kidogo, hukatwa penye wembamba."

Akampigia mkwe simu.

"Shikamoo, Mama. Ndiyo tunawasha..."

"Zima! Sarafu uliisimamisha wima?"

"Niliiegemeza kidogo kwa kidole, Mama. Si ulisema nikiwasha taa ya simu inang'aa kama upara wa baba mkwe? Nikailaza isikuumize macho."

Bi Spana alifumba macho. Kweli alisema, tena mbele ya mwenye upara.

"Isimamishe wima kama askari. Simu iwe usawa wa meno. Piga picha mfereji wa nje, wa kati na wa ndani."

Picha zikaja. Tairi lilikuwa limemeza milimita mbili kwa shida; upande wa ndani hata hizo hazikufika, na vile vijinundu vya mpira vilivyo chini ya mfereji, vya kuonya kwamba tairi limeisha, vilikuwa sawa na meno. La pili la nyuma, hali hiyo hiyo. Ya mbele yalikuwa mazima. Kwenye lami yenye maji, mteremko ule, gari lingeserereka kama sabuni bafuni.

Binti akamnyang'anya mumewe simu. "Mama, nimeshavaa viatu! Unajua viatu vinavalikaje na tumbo hili? Amenivalisha mtu!"

"Basi akuvue huyo huyo."

"Mama, nataka nizalie kwako."

Sauti ilikatika mwishoni, na Bi Spana akailainisha yake. "Utazalia kwangu, mwanangu. Nakuja na jozi mpya, nayafunga mwenyewe, tunashuka pamoja. Mvua ikizidi nalala hapo hapo, na mumeo atalala jikoni na sarafu yake."

Akasukumia matairi mawili kwenye pikapu ya karakana, na jeki juu yake. Alipogeuka kushika mlango, Pampu alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Ya kwako ulipima lini?"

Bi Spana alimtukana yeye, ndevu zake na ukoo wake mpaka wa kuumeni. Kisha akapiga goti kwenye tope, akatoa sarafu, akaanza na gurudumu la mbele.