Chanjo Zilizomsubiri Dorkasi

Mwanamume alikuwa mmoja tu kwenye benchi la kliniki Alhamisi ile, na wanawake walimwachia nafasi pana kuliko alivyohitaji. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kanga iliyofungwa kwa fundo la kamba, kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni. Hakuna aliyemcheka. Walinyamaza tu alipokaa, kisha wakaendelea na mazungumzo yao kwa Kishambaa, wakampa mgongo.

Klara, muuguzi wa zahanati, alimwona kutoka mezani kwake. Ukimya wa namna ile aliujua. Serikali ilimtoa kwao Masasi ikampeleka zahanati hii ya milimani, juu ya Lushoto, na mwaka wa pili sasa alikuwa akisikia wanawake wakibadili lugha kila alipokaribia. Hawakuwa na ubaya. Walimsalimia, walimletea viazi na pichi. Lakini jioni ukungu uliposhuka kutoka msitu wa Magamba, kila mtu alikuwa na jiko lake la kwenda kuota, naye alikuwa na chumba cha nyuma ya zahanati.

Zamu ya yule mwanamume ilipofika alisimama, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, sista. Naitwa Sefania. Napasua mbao kambini huko juu. Huyu ni Dorkasi."

"Mama yake yuko wapi, baba Dorkasi?"

"Alifariki. Mwezi wa saba, mwaka jana. Tulikuwa Tanga." Alitoa kadi kwenye mfuko wa shati. "Haya mambo alikuwa anayashughulikia yeye. Nilimpeleka mtoto mahali pamoja, nikaambiwa nimechelewa sana, lazima kila kitu kianze upya. Sikurudi tena."

Klara aliipokea kadi. Ilikuwa imelowa na kukauka, wino umetapakaa, na watu watatu tofauti walikuwa wameandika kila mmoja alipopenda. Tarehe moja ilikuwa pembeni kabisa, nje ya mstari. Akachukua karatasi safi na rula, akachora safu nne.

"Sogea hapa tuangalie pamoja," alisema. "Unasoma?"

"Nilipita kisomo cha watu wazima."

"Basi utanifuata. Amezaliwa tarehe mbili Februari, sabini na tisa. Leo ni tarehe kumi Aprili, themanini. Ana mwaka na miezi miwili. Chanjo ya kifua kikuu alipata kesho yake baada ya kuzaliwa." Alipandisha mkono wa gauni la mtoto, akaliona kovu dogo kwenye mkono wa kulia. "Hiyo imekwisha. Sindano ya dondakoo, kifaduro na pepopunda anatakiwa apate mara tatu. Ya kwanza Mei, ya pili Juni. Bado moja."

"Hatuanzi upya?"

"Hatuanzi. Alichopata kinahesabika hata kama umekaa mwaka mzima. Tunaendelea pale tulipoishia."

Sefania alivuta pumzi, akatazama pembeni.

"Matone ya kuzuia kupooza nayo ni mara tatu. Mei yameandikwa. Juni pameandikwa sindano peke yake."

"Walisema siku hiyo matone yameisha. Mama yake alirudi amenuna."

"Kwa hiyo amekosa mawili. Hayatolewi siku moja, lazima zipite wiki nne katikati." Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa surua. Palikuwa na alama ya vema kwa penseli, bila tarehe wala sahihi. "Na hii?"

"Sijui, sista. Labda alipata."

Klara alifikiri. Mara ya mwisho mtoto kupelekwa kliniki alikuwa na miezi minne, na surua hutolewa kuanzia miezi tisa. Huenda mtu aliweka alama ya kukumbusha. "Isiyo na tarehe siihesabu," alisema. "Akichanjwa mara mbili hadhuriki. Asipochanjwa kabisa ndiyo hatari."

Akajaza karatasi yake kwa herufi kubwa:

Kifua kikuu: amepata, kovu lipo. Hakuna kilichobaki.
Dondakoo, kifaduro, pepopunda: amepata mbili. Amekosa ya tatu. Leo.
Matone ya kupooza: amepata mara moja. Amekosa ya pili na ya tatu. Leo, kisha Alhamisi 8 Mei.
Surua: hakuna tarehe. Leo.

"Ana mafua kidogo," Sefania alisema kwa wasiwasi.

"Mafua hayazuii."

Kilichozuia kilikuwa kwenye jokofu. Mafuta ya taa ya kuliendesha yalikuwa haba mwezi ule, na chupa ya surua ilibaki moja, ya watoto kumi, aliyoiweka kwa ajili ya watoto wa kijiji cha bondeni waliotarajiwa wiki ijayo. Unga wake ukishachanganywa na maji yake haulali. Jioni kinachobaki humwagwa. Watoto wa benchini siku ile wote walikuwa wachanga au wamekwisha chanjwa. Klara alimweleza hayo bila kuficha.

"Basi nitarudi wiki ijayo," Sefania alisema, akaanza kufunga kanga.

"Kambini kwenu hakuna watoto?"

"Wapo. Hawaletwi. Ni mbali, na wazazi wako kazini."

"Nenda ukawaite. Waliotimiza miezi tisa, na kadi zao kama wanazo. Sitaifungua mpaka mrudi."

Alimtazama kama aliyeombwa kubeba gogo peke yake. "Sista, mimi sizungumzi na watu wa kule. Tangu nihamie, nafanya kazi, napika, nalala. Nitawaambia nini?"

"Waonyeshe hiyo karatasi. Waambie ya Dorkasi imepangwa, na ya watoto wao itapangwa."

Sefania alimwacha mtoto kwa Klara. Klara alihudumia waliobaki akiwa amempakata Dorkasi, na benchi lilipokwisha alibaki naye kizingitini, akikitazama kichwa kile kidogo kilichomwegemea. Hakuwa amepakata mtoto bila kumchoma sindano tangu aondoke kwao.

Mchana ulipogeuka aliwaona wakiteremka njia ya msituni. Walikuwa watoto saba, mama wanne na mzee mmoja, Sefania akiwa mbele ameshika karatasi. Klara alichanganya dawa. Kila kadi aliisoma kwanza, akachora safu zilezile nne, na wawili wasio na kadi kabisa aliwaandikia mpya. Dorkasi alilia sana, kisha akalala.

Dozi mbili alizimwaga jioni. Gari la kuleta chanjo nyingine kutoka Lushoto lilichelewa, watoto wa bondeni wakangoja wiki mbili zaidi, na Klara hakupata usingizi mzuri hata siku moja kati ya hizo. Lakini waliipata. Mwisho wa Aprili surua iliingia kambini, ikawalaza watoto wawili ambao hawakuteremka siku ile. Mmoja alipona akabaki na macho mabovu. Dorkasi na wale saba hawakuguswa.

Tarehe nane Mei Sefania alikuja mapema. Mtoto alimeza matone bila shida, na Klara akapiga mstari wa mwisho kwenye karatasi.

"Sasa hadaiwi chanjo," alisema.

"Ashukuriwe Mungu." Alikunja karatasi ndani ya kadi polepole. "Tunahama, sista. Dada yangu yuko Muheza, amesema atamlea. Nitapata kibarua huko. Basi linaondoka mchana."

Klara alikuwa na maneno mengi, akasema moja tu: "Kadi usiipoteze."

"Sitaipoteza. Kule kambini siku hizi wananikaribisha chai," alisema, kana kwamba anaomba radhi. "Imekuja wakati naondoka."

Klara aliwasindikiza mpaka barabarani. Mtoto hakugeuka. Aliporudi, benchi lilikuwa limejaa, kina mama wa kambini wakiwamo, wakizungumza lugha yao. Mmoja alisogea kumpa nafasi, akamsalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi." Klara alijibu kwa Kiswahili, kwa sababu jibu la salamu hiyo hakulijua bado, akaenda mezani kuchukua rula.